Komeo Limekatika, Bomba Linavuja: Barua Inayomfikisha Fundi Chumbani

“Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa hosteli yako. Dirisha la chumba chetu limeharibika na bomba nalo linavuja. Naomba msaada wako wa haraka. Natumaini ombi langu litapokelewa.”

Barua hii haina kosa la adabu wala la sarufi, na imefuata mtindo wa barua rasmi tuliofundishwa shuleni. Hata hivyo, msimamizi wa hosteli akiisoma atabaki na maswali asiyoweza kuyajibu akiwa amekaa mezani kwake. Chumba kipi? Dirisha limeharibika nini: kioo, wavu wa mbu, reli au komeo? Bomba lipi, na maji yanatokea wapi? Akiwa na nafasi atainuka kwenda kujionea. Akiwa na vyumba sitini vya kuangalia na simu inaita, ataiweka barua kando mpaka mwandishi apite tena kuulizia.

Chanzo cha udhaifu huo ni kudhani kwamba anayeandikiwa ndiye atakayetengeneza. Msimamizi, ambaye wanafunzi wengi humwita matroni au wadeni, hana spana wala bisibisi. Kazi yake ni kuipokea taarifa, kuiandika kwenye daftari la matengenezo na kuipeleka kwa kitengo cha ukarabati cha chuo. Huko mkuu wa mafundi humpangia mtu kazi, na mtunza stoo hutoa kifaa kinachohitajika. Mtu wa mwisho katika mnyororo huo ni fundi, ambaye hajawahi kukanyaga chumba chenu. Kila mmoja wao hutegemea maneno yaliyoandikwa kwenye barua ya kwanza. Kama barua ilisema tu “bomba linavuja”, fundi atafika mikono mitupu, ataangalia, ataondoka kwenda kuomba kifaa, na kurudi kwake kutategemea foleni ya kazi nyingine.

Basi barua ya namna hii iandikwe kwa ajili ya fundi, ingawa juu yake kuna jina la cheo cha msimamizi. Tuifuate barua moja tangu kabla haijaandikwa mpaka siku fundi anapofunga mkoba wake. Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika hosteli ya wanawake ya chuo kimoja mjini Morogoro, mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea. Anaishi ghorofa ya chini na wenzake watatu. Komeo la dirisha limekatika, na bomba la sinki halifungi vizuri.

Kuangalia kabla ya kuandika

Bomba linaweza kuvuja mahali patatu, na kila mahali pana ugonjwa wake. La kwanza ni kudondosha matone mdomoni hali limefungwa. Kwenye bomba la kizamani, lile la kuzungusha mara kadhaa, hiyo ni dalili kwamba mpira mdogo wa ndani, ambao mafundi huuita washa, umechakaa au umekatwa. Washa ndiyo inayoshuka na kuziba tundu la maji unapofunga. Ikishachakaa, mtumiaji hujikuta akikaza zaidi kila siku ili maji yakome, na kule kukaza kunaimaliza kabisa.

Mahali pa pili ni shingoni, pale mkono wa bomba unapoingia. Hapo maji hutoka bomba likiwa wazi na hukoma likifungwa. Hiyo si kazi ya washa. Ni nati ya shingo iliyolegea, au kifungio kilichomo ndani yake kimekwisha. Mahali pa tatu ni ukutani au kwenye sinki, pale bomba linapoungana na mpira au paipu inayoleta maji. Hapo maji hutoka hata bomba likiwa limefungwa, hutambaa ukutani au hujikusanya chini ya sinki, na dawa yake ni kufungua maungio na kuyafunga upya kwa utepe mweupe wa mafundi.

Kuna aina nyingine ya bomba ambayo siku hizi imejaa katika majengo mapya. Mkono wake huzunguka robo tu, kisha unagota. Ndani yake hamna washa ya mpira. Mara nyingi kuna kifaa kizima chenye visahani vigumu vinavyosuguana, na kikiharibika hubadilishwa chote. Mtu akiandika kwamba bomba lake ni la kuzungusha au ni la robo mzunguko, ameshamwambia mtunza stoo atoe kitu gani.

Mwanafunzi wetu alilifuta bomba kwa kitambaa kikavu, akalifunga, akaangalia. Tone lilijitokeza mdomoni. Akalifungua, akapitisha kidole shingoni: pakavu. Akapitisha kidole chini ya sinki: pakavu. Uchunguzi huo ulichukua muda mfupi na haukuhitaji chombo chochote.

Kisha akapima. Aliweka chini ya bomba chupa tupu ya maji ya nusu lita, akatazama saa. Mchana chupa ilijaa kwa dakika 40. Usiku, wenzake wa hosteli nzima walipokuwa wamelala, ilijaa kwa dakika 25. Tofauti hiyo si ya ajabu: watu wengi wanapotumia maji kwa pamoja, msukumo ndani ya paipu hupungua, wakilala, unapanda na uvujaji unaongezeka. Kwa mwendo wa mchana bomba lile lingepoteza lita 18 kwa siku nzima, na kwa mwendo wa usiku karibu lita 29. Ukweli uko katikati, yaani ndoo moja ya lita 20 na zaidi kidogo kila siku. Kwa mwezi ni zaidi ya nusu ya tangi la lita 1,000. Msimamizi anayelazimika kueleza kwa nini matangi ya hosteli hukauka kabla ya jioni ataielewa hesabu hiyo upesi kuliko neno “sana”.

Dirisha nalo lilikuwa na mtihani wake. Lilikuwa la aluminiamu, la vioo viwili vinavyosukumwa kwenye reli, na komeo lake ni ndoano ndogo inayonasa kwenye fremu. Komeo la namna hiyo linapogoma kushika, sababu za kawaida ni mbili. Pengine ndoano imekatika au springi yake imekufa. Pengine komeo ni zima, lakini vigurudumu vinavyobeba kioo vimelika, kioo kikashuka milimita chache, na ndoano sasa inapita chini ya tundu lake. Njia ya kutofautisha ni kukiinua kioo kidogo kwa mikono miwili huku mtu mwingine akijaribu kufunga. Komeo likishika, tatizo ni vigurudumu. Lisiposhika, tatizo ni komeo lenyewe. Kwa mwanafunzi wetu halikushika, na kipande cha ndoano kilichokatika kilikuwa kimeanguka kwenye reli. Alikiokota akakihifadhi.

Kipi kianze

Mtu akiwa na malalamiko mawili huelekea kuanza na lile linalomkera zaidi. Bomba linakera: linasikika usiku kucha, linalowesha sakafu, linaonekana. Komeo liko kimya. Lakini chumba cha chini chenye dirisha linalotazama uzio wa nyuma ni jambo la usalama. Nondo za dirishani humzuia mtu kuingia, ila hazizuii mkono wala kijiti. Wezi wa madirishani wanajulikana kwa kuvua simu, nguo na mikoba kwa fimbo yenye ndoano nchani, mwenye mali akiwa amelala. Isitoshe, kioo kisichofungwa hupigapiga kwa upepo wa mvua, na kioo kikivunjika gharama yake hupita ile ya komeo mara nyingi.

Kwa hiyo komeo likatangulia. Chumba kingekuwa ghorofa ya tatu, na bomba liko juu ya swichi ya umeme au linavuja hadi chumba cha chini, mpangilio ungegeuka. Kanuni ni moja: litangulie lile ambalo likichelewa litaleta hasara au hatari, hata kama halipigi kelele.

Je, ziandikwe barua mbili? Kazi ni mbili kweli, kwa mafundi wawili: fundi bomba na fundi wa aluminiamu, au seremala mahali ambapo madirisha ni ya mbao. Lakini chumba ni kimoja, mwandishi ni mmoja, na msimamizi huhifadhi kumbukumbu kwa chumba. Barua moja yenye aya mbili zilizopewa namba inatosha. Msimamizi anaweza kunakili aya ya kwanza kwenye fomu ya fundi mmoja na ya pili kwenye fomu ya mwingine, bila kuchambua sentensi zilizochanganyika.

Barua yenyewe

Chumba Na. 14, Ghorofa ya Chini,
Hosteli ya Wanawake,
Morogoro.
15 Aprili 2025

Msimamizi wa Hosteli,
Hosteli ya Wanawake.

Ndugu Msimamizi,

YAH: KOMEO LA DIRISHA LILILOKATIKA NA BOMBA LINALOVUJA, CHUMBA NA. 14

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili na ninaishi chumba namba 14 pamoja na wenzangu watatu. Naandika kukutaarifu kuhusu vitu viwili vinavyohitaji fundi.

1. Komeo la dirisha. Ni dirisha la aluminiamu la kusukuma, linalotazama uzio wa nyuma. Ukiwa ndani ya chumba, ni kioo cha mkono wa kulia. Ndoano ya komeo ilikatika mkononi mwangu Jumapili jioni, tarehe 13 Aprili, nilipokuwa nikifunga mvua ilipoanza. Kipande kilichokatika ninacho. Tumejaribu kukiinua kioo wakati wa kufunga, lakini komeo bado halishiki. Nondo za nje ni nzima, ila kioo husogea kwa kusukumwa kutoka nje. Kwa sasa tumelaza kipande cha ubao kwenye reli ili kisisogee.

2. Bomba la sinki. Ni bomba la kuzungusha, la sinki lililomo chumbani, kushoto kwa mlango. Linadondosha maji mdomoni likiwa limefungwa. Shingoni na chini ya sinki ni pakavu. Lilianza kidogo mwanzoni mwa mwezi huu na limezidi tangu maji yaliporudi tarehe 9 Aprili baada ya kukatika. Chupa ya nusu lita hujaa kwa dakika 40 mchana na kwa dakika 25 usiku. Chini ya sinki hakuna koki ya kufungia maji.

Fundi anaweza kuingia siku yoyote ya kazi kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni, ambapo mmoja wetu huwa chumbani. Ikiwa kazi zote mbili haziwezi kufanyika siku moja, tunaomba komeo litangulie, kwa kuwa chumba kiko chini na dirisha liko upande wa nyuma.

Nashukuru kwa msaada wako.

Wako mtiifu,
(Sahihi)
(Jina kamili, namba ya usajili na namba ya simu)

Kila sentensi ina kazi

Kichwa cha barua kinabeba namba ya chumba. Ofisini barua hupangwa na kutafutwa kwa kichwa, na mtu anayepekua faili miezi miwili baadaye hatasoma aya zote. “Taarifa ya uharibifu” ni kichwa ambacho kinaweza kuwa juu ya barua hamsini. “Chumba Na. 14” ni kimoja tu. Watanzania huanza mstari huo kwa YAH, Wakenya kwa KUH au MINT, na mpangilio wa anwani unaweza kutofautiana kidogo kutoka shule hadi shule. Hayo hayamsumbui fundi. Kinachomsumbua ni namba ya chumba kukosekana.

Sentensi ya “Husika na kichwa cha habari hapo juu” wapo wanaoicheka kwamba haisemi kitu. Inachukua mstari mmoja, msimamizi ameizoea, na hakuna sababu ya kuipigania wala kuiondoa. Tatizo huja pale heshima inapomeza nafasi ya taarifa, barua ikawa na aya mbili za kuomba radhi kwa usumbufu na sentensi moja kuhusu bomba.

Maneno “ilikatika mkononi mwangu” yangeweza kuachwa, na wengi wangeyaacha kwa hofu ya kutozwa. Yana faida yake. Msimamizi anayesoma “komeo limevunjwa” hujiuliza mara moja nani amelivunja, na mazungumzo yanahama kutoka kwenye ukarabati kwenda kwenye uchunguzi. Mwandishi alipoeleza kilichotokea kwa ufupi, wakati wa matumizi ya kawaida, alilifunga swali hilo. Ikiwa kweli mtu amevunja kitu kwa uzembe, kama vile kuning’iniza begi zito kwenye bomba, ni afadhali alisema kuliko fundi aligundue na kuliandika kwenye ripoti yake.

Taarifa kuhusu maji kukatika na kurudi ina maana kwa fundi bomba. Maji yanaporudi baada ya mgao husukuma mchanga na kutu iliyokuwa imetulia ndani ya paipu. Chembe hizo hunasa chini ya washa, na mtu anapokaza bomba juu yake huichana washa au kukwaruza sehemu ya chuma ambayo washa hukalia. Kama sehemu hiyo imekwaruzika, washa mpya itazuia maji kwa siku chache kisha matone yatarudi. Fundi akisoma kwamba uvujaji ulizidi baada ya maji kurudi, anajua kwamba abebe washa ya nusu inchi, ambayo ndiyo ya mabomba mengi ya sinki, na pia aombe bomba zima la akiba endapo chuma kitakuwa kimeliwa.

Habari ya koki ya chini ya sinki ndiyo inayoamua siku ya kazi. Bomba haliwezi kufunguliwa maji yakiwa yanasukuma. Pakiwa na koki, fundi hufunga maji ya sinki moja na kumaliza kazi bila mtu mwingine kujua. Isipokuwepo, lazima afunge maji ya ghorofa nzima au ya jengo, na hilo halifanywi asubuhi wanafunzi wakiwa wanaoga. Msimamizi akiijua habari hii mapema atatoa tangazo na kuchagua saa. Asipoijua, fundi atafika, atatazama chini ya sinki na kuondoka.

Saa za kuingia nazo si pambo. Katika hosteli ya wanawake fundi wa kiume kwa kawaida haingii peke yake. Msimamizi au mlinzi humsindikiza, na wenye chumba hutakiwa kujua. Barua isipotaja saa, fundi atagonga mlango uliofungwa, ataandika “hawakuwepo”, na kazi itarudi mwisho wa orodha.

Kuna jambo ambalo mwandishi hakulifanya, nalo ni kuamuru. Hakuandika “badilisheni washa”. Alieleza alichokiona na kuacha utambuzi kwa fundi. Mwanafunzi akiandika jina la kifaa na akakosea, mtunza stoo atatoa kile kilichoandikwa, na safari ya kwanza itapotea.

Kuipeleka, na kubaki na nakala

Barua hii iliandikwa mara mbili. Nakala moja alipewa msimamizi mkononi, baada ya “Shikamoo, mama” na maelezo mafupi ya mdomo. Nakala ya pili iligongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na mahali pasipo na muhuri sahihi ya mpokeaji pamoja na tarehe hutosha. Picha mbili, moja ya komeo na moja ya bomba, zilitumwa kwa Wotsapu ya msimamizi siku hiyohiyo. Picha humsaidia fundi, lakini ujumbe wa simu husukumwa chini na jumbe nyingine, kwa hiyo hauchukui nafasi ya karatasi.

Nakala hiyo ina kazi nyingine mwisho wa mwaka. Vyuo na shule nyingi huwataka wanafunzi walipe fedha ya tahadhari wanapojiunga, na wanapoingia chumbani husaini fomu inayoorodhesha vitu vilivyomo na hali yake. Siku ya kukabidhi chumba orodha ile husomwa tena, na kilichoharibika hukatwa kwenye fedha hiyo au hudaiwa. Mwanafunzi mwenye nakala yenye tarehe anaweza kuonyesha kwamba komeo lilikatika Aprili na lilitolewa taarifa ndani ya siku mbili. Asiye nayo amebaki na maneno tu, na pengine msimamizi aliyeyasikia ameshahamishwa.

Wakati wa kusubiri

Siku za kusubiri zina makosa yake. La kwanza ni kukaza bomba kwa nguvu zote, au kwa koleo. Washa iliyochakaa hukatika kabisa, na msumari wa ndani unaweza kuharibika pia; kazi ya mpira wa bei ndogo ikageuka kuwa kazi ya bomba zima. Funga mpaka pale linapogota, kisha acha lidondoshe.

La pili ni ndoo. Kukinga matone ni busara, na maji hayo ni safi kwa kufulia au kudekia. Lakini ndoo iliyoachwa wazi pembeni, ikiongezwa kidogo kidogo bila kumwagwa, ni mahali pazuri pa mbu wa aina ya Aedesi kutaga. Mbu hao hupenda maji yaliyotulia kwenye vyombo vya majumbani, huuma mchana, na ndio wanaoeneza homa ya dengi, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua takriban wiki moja hadi siku kumi kwenye joto. Ndoo ikimwagwa yote kila siku na kusuguliwa kuta zake, mzunguko huo hukatika.

La tatu ni kumwita fundi wa mtaani kwa siri. Nia ni njema, ila bomba na dirisha ni mali ya chuo. Fundi huyo akifunga maji ya ghorofa bila taarifa, au akipasua paipu ukutani, gharama itamwangukia aliyemwita. Na komeo jipya lisilofanana na mengine linaweza kuhesabiwa uharibifu siku ya kukabidhi chumba.

Ubao kwenye reli ndio ulinzi wa muda unaofaa kwa dirisha la kusukuma. Ukatwe urefu unaojaza nafasi yote iliyobaki nyuma ya kioo. Ukiwa mfupi, kioo kitasogea hadi ulipoishia. Vitu vya thamani visiwekwe mahali ambapo fimbo inaweza kufika. Na ubao uwe wa kuondolewa kwa mkono mmoja kutoka ndani, maana wenye chumba wanaweza kuhitaji kulifungua dirisha upesi, moshi ukijaa kwa mfano.

Kimya kikizidi

Wiki moja ikipita bila jibu, hatua ya kwanza ni kwenda kuuliza kwa mdomo kama kazi imeandikwa kwenye daftari na kwa namba gani. Namba hiyo ni muhimu, kwa sababu kitengo cha ukarabati hufuatilia kazi kwa namba, si kwa jina la mwanafunzi. Mara nyingi huonekana kwamba kazi moja imekwama stoo na nyingine haijawahi kutoka ofisini.

Baada ya hapo barua ya pili huwa fupi: “Rejea barua yangu ya tarehe 15 Aprili 2025 kuhusu komeo na bomba la chumba na. 14, iliyopokelewa siku hiyohiyo.” Kinachofuata ni kilichobadilika tu: bomba sasa linajaza chupa kwa dakika 15, au mvua ya Jumamosi imelowesha godoro. Hakuna haja ya kurudia hadithi nzima wala kutisha. Ikilazimu kupanda ngazi, nakala hupelekwa kwa mlezi wa wanafunzi, na jambo hilo huandikwa wazi chini ya barua kwa maneno “Nakala kwa”, ili msimamizi asijione amezungukwa.

Fundi akimaliza

Fundi hubeba fomu ya kazi inayohitaji sahihi ya mwenye chumba. Sahihi hiyo ndiyo inayofunga kazi kwenye daftari, na kuifungua tena huhitaji barua mpya. Kwa hiyo majaribio hutangulia kalamu. Bomba lifunguliwe na kufungwa mara kadhaa bila kukazwa, lifutwe kavu, kisha lisubiriwe dakika kumi. Shingo iguswe bomba likiwa wazi, kwa sababu fundi aliyelifungua anaweza kuwa hakuirudisha nati sawasawa. Komeo lifungwe, na kioo kisukumwe kutoka nje na kuinuliwa kidogo. Ndoano iliyonasa vizuri haiachii katika hali zote mbili.

Siku yenyewe haitoshi kumaliza ukaguzi wa bomba. Kama sehemu ya chuma ilikwaruzika, matone yatarejea baada ya siku chache, na yataanza usiku. Ndiyo maana mwanafunzi wetu alisaini fomu ya komeo palepale, na kwenye fomu ya bomba akaongeza maneno mawili kando ya sahihi yake: “Washa imebadilishwa.” Likirudi kuvuja, fundi wa safari ijayo hatapoteza muda na washa nyingine, atakuja na bomba jipya.